Kileleni kwa Kidole: Uchambuzi wa Kisa cha Picha ya Uhuru Iliyotengenezwa Horombo

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea Tanzania, katika harambee ya kuchangia madawati ya shule moja ya msingi. Majina ya watu, mji, shule, mfadhili na kampuni ya utalii yameondolewa, na kiasi cha fedha hakikutajwa kwa makusudi. Mhusika mkuu nitamwita Bwana M. Mimi niliingia katika suala hili pale mweka hazina wa kamati aliponitumia picha akaniuliza, "Ndugu yangu, wewe wa milimani, hii imekaaje?" Yaliyotangulia nimeyapata kwa mweka hazina, kwa mwongoza watalii aliyempandisha, na baadaye kwa Bwana M. mwenyewe, ambaye aliridhia kisa kiandikwe ili mradi asitambulike.

Nakiandika kwa ajili ya kamati za michango na waongozaji, kwa sababu safari za Kilimanjaro za kuchangisha fedha zimekuwa nyingi na bado wengi wanaamini picha chini ya bango la Uhuru ndiyo risiti ya safari nzima.

Usuli

Bwana M. ana miaka arobaini na kitu, mtumishi wa ofisi, mtu wa watu. Ndiye aliyebuni wazo: apande Kilimanjaro akiwa na bendera ya shule, na marafiki, wafanyakazi wenzake na wazazi waahidi fedha. Ahadi zilikuwa za aina mbili. Watu binafsi waliandika majina na kiasi katika kundi la WhatsApp. Mfadhili mmoja, mwenye biashara mjini, aliahidi kuongeza shilingi kwa kila shilingi itakayopatikana, kwa sharti moja: bendera ipigwe picha kileleni, mita 5,895, na picha hiyo itumike katika bango la duka lake. Sharti hilo liliandikwa kwenye barua, na kamati nzima ikalipigia makofi.

Kuhusu maandalizi sina mengi. Alikimbia asubuhi kwa wiki kadhaa, akaazima jaketi na viatu. Lililo na uzito ni njia aliyochagua. Alipanda kwa Marangu kwa siku 5: Mandara siku ya kwanza, Horombo ya pili, Kibo ya tatu, kileleni usiku wa kuamkia ya nne, na ya tano kutoka getini. Siku ya ziada ya kupumzika Horombo, ambayo humpa mwili nafasi ya kuzoea hewa nyepesi kabla ya kulala Kibo, aliifuta ili kupunguza gharama. Alikuwa akitumia fedha yake mwenyewe kwa safari, na hilo ni la kumheshimu. Lakini kutoka lango la Marangu hadi Kibo Hut mtu anapanda karibu mita 2,800, na yeye alizipanda kwa siku tatu.

Usiku wa kileleni

Waliondoka Kibo Hut karibu saa sita usiku, yeye, mwongozaji na msaidizi. Tangu jioni Bwana M. alikuwa na maumivu ya kichwa na hakula. Alimwambia mwongozaji ni uchovu tu. Njia ya Marangu kutoka Kibo ni mwinuko wa kokoto na vumbi la volkano. Mtu anapiga hatua mbili, mguu unarudi nusu. Walipofika Pango la Hans Meyer, mahali ambapo karibu kila kundi hupumzika, alitapika mara mbili. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi usiku, na hapo ni kama mita 5,150.

Mwongozaji alimsimamisha, akawasha taa, akamwambia atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Bwana M. alitoka nje ya mstari kwenye hatua ya tatu, akashikwa asianguke. Kichwa peke yake mtu anaweza kukinywea dawa na kusubiri. Kichwa na kutapika ni onyo kali. Vikiungana na kuyumba, hakuna mjadala, kwa sababu kuyumba ni dalili kwamba ubongo wenyewe umeanza kuvimba kwa maji, na tiba yake ya kwanza ni kushuka, tena saa hiyohiyo. Mwongozaji alisema, "Kaka, tunarudi." Bwana M. alibembeleza, akalia, akaahidi bahashishi nono. Msaidizi alimshika mkono mmoja, mwongozaji mwingine, wakashuka.

Kabla ya mapambazuko alikuwa amelala Kibo. Saa moja na nusu asubuhi kichwa kilikuwa kimepungua, akanywa uji, wakaanza kutelemka. Saa nne na nusu asubuhi walikuwa Horombo, mita 3,720, ambako kuna mtandao. Akaandika kwenye kundi: "Nipo Horombo, nashuka salama. Taarifa kamili baadaye." Mpaka hapo hakuna neno la uongo.

Picha ya Horombo

Majibu yalimiminika kabla hajaweka simu mfukoni. Hongera kamanda. Shujaa wetu. Mfadhili naye akaandika, "Tunasubiri picha ya kileleni." Bwana M. aliniambia kwamba aliandika mara kadhaa sentensi ya kusema ameishia njiani, kila mara akaifuta.

Baada ya chakula cha mchana alivaa tena nguo za usiku ule, jaketi jekundu, kofia, glavu na miwani ya jua, akamwomba mgumu mmoja, yaani mpagazi wa mlimani, ampige picha nje akiwa ameinua bendera ya shule kwa mikono miwili. Mgumu huyo alidhani ni ya kumbukumbu. Wageni wengi hupiga picha za namna hiyo. Ilikuwa saa sita na nusu mchana, jua liko utosini.

Usiku uliofuata, akiwa nyumba ya wageni Moshi, alipakua picha ya mgeni mmoja aliyesimama chini ya bango la Uhuru, akajikata kutoka picha ya Horombo kwa kidole, kwa programu ya bure ya simu, na kujibandika juu ya yule mgeni. Alipaka weusi kidogo chini ya viatu uwe kivuli. Kazi ilimchukua chini ya saa moja. Asubuhi akaituma na maneno: "Saa moja na dakika 45 asubuhi, paa la Afrika. Ahadi imetimia!"

Siku iliyotangulia, kabla ya kuondoka Marangu, kulikuwa kumetokea jambo jingine ambalo hakuna mwanakamati aliyelijua. Getini, mwongozaji ndiye anayetoa taarifa nani amefika wapi, na vyeti hutolewa kwa kufuata taarifa hiyo. Kuna cheti cha Uhuru, na kuna cha walioishia ukingoni mwa kasoko, Gilman's Point au Stella Point. Aliyeishia chini ya hapo hana cheti. Bwana M. alimwomba mwongozaji amsemee walau Gilman's. Mwongozaji alikataa kwa upole, akamwambia arudi mwakani kwa siku 6. Nyumbani Bwana M. akasema cheti kinakuja.

Ilivyogundulika

Wiki tatu baadaye mfadhili aliitaka ile picha kwa ajili ya bango lake. Fundi wa mabango akaikuza hadi upana wa mita 3, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Kwenye simu picha ilikuwa safi. Kwenye ukubwa wa bango, kando ya mkono wa kushoto wa Bwana M. ilionekana fimbo ya kutembelea mlimani imesimama peke yake, haijashikwa na mtu wala haijachomekwa popote. Fundi alidhani ni kosa la mashine yake. Akampigia mweka hazina kuuliza kama aifute.

Mweka hazina hakumjibu. Alinitumia faili.

Nitaeleza nilichokagua kwa mpangilio nilioufuata, kwa kuwa mpangilio wenyewe una maana. Nilianza na saa. Kama mtu alikuwa Uhuru saa moja na dakika 45 asubuhi, inawezekanaje saa nne na nusu awe Horombo? Hizo ni saa mbili na dakika 45. Kutoka Uhuru kurudi Kibo Hut, mtu aliyechoka hutumia saa mbili hadi tatu, na Kibo hadi Horombo saa nyingine mbili hadi tatu, bila kuhesabu mapumziko Kibo ambayo karibu kila mtu huyachukua. Mgumu kijana anaweza. Mtu wa ofisi aliyepanda mara ya kwanza, usiku kucha, hawezi. Ujumbe wake mwenyewe wa Horombo ulikuwa bado upo kwenye kundi, na saa yake pembeni.

Kisha nikaangalia kivuli. Hapa hesabu ni ndogo na kila mtu anaweza kuifanya:

```
urefu wa kivuli = urefu wa mtu ÷ tan(pembe ya jua juu ya upeo)
```

Katikati ya Agosti, saa moja na dakika 45 asubuhi, jua la Kilimanjaro liko kama nyuzi 16 tu juu ya upeo. Mtu wa mita 1.7 kwenye ardhi tambarare anatupa kivuli cha karibu mita 6. Nguzo za bango katika picha ile zilikuwa na vivuli virefu hivyo, vimelala juu ya mawe hadi nje ya fremu. Bwana M. alikuwa na doa jeusi chini ya soli, la kama nusu mita tu. Hicho ndicho kivuli cha saa sita na nusu mchana mwezi huo, wakati jua liko kama nyuzi 73. Ardhi ya kileleni si tambarare kabisa, kwa hiyo sikudai mita kamili. Lakini mteremko mdogo haugeuzi mita 6 kuwa nusu.

Uso ulisema vilevile. Jua la asubuhi hupiga uso kutoka upande, shavu moja linang'aa na jingine liko gizani. Yeye alikuwa na kivuli chini ya ukingo wa kofia, chini ya pua na chini ya kidevu, mashavu yote sawasawa. Mwanga ulitoka juu.

Nilipokuza miwani ndipo shaka iliponiisha. Kwenye kioo cha kulia kulikuwa na pembetatu nyeusi, kali, ikiwa na mstari mweupe wa anga pande zote mbili. Atakayelala Horombo usiku mmoja ataijua pembetatu hiyo popote: ni kibanda cha mbao chenye paa linaloshuka karibu mpaka chini. Vibanda hivyo viko Mandara na Horombo. Uhuru hakuna jengo lolote.

Mwisho nikaitafuta picha ya nyuma mtandaoni kwa kutumia kipande cha bango na mawingu tu, nikiwa nimemkata Bwana M. asionekane. Usipomkata, mashine hutafuta jaketi jekundu na kukuletea majaketi. Picha asili ilitokea, ya mgeni aliyepanda miaka kadhaa nyuma, mawingu yaleyale, na fimbo ileile ikiwa mkononi mwake.

Ambacho hakikusaidia nacho nikitaje. Niliendesha amri hii:

```
exiftool -time:all -gps:all -Make -Model -Software picha.jpg
```

Haikuonyesha aina ya simu, mahali wala tarehe ya kupiga, ila tarehe za faili lenyewe kwenye kompyuta yangu. Mwanakamati mmoja alishika hapo: "Si unaona, amefuta ushahidi!" Hapana. WhatsApp huondoa taarifa hizo kwa kila picha ya kawaida inayopita ndani yake, ya mkweli na ya mwongo. Kukosekana kwake hakuthibitishi kitu. Bango nalo halikusaidia. Bango la kileleni limebadilishwa zaidi ya mara moja, na picha ya bango la zamani hujiumbua yenyewe. Bahati yake, alipakua yenye bango linalofanana na la sasa.

Swali la pili, ambalo kamati ililisahau

Nilipopeleka matokeo, kundi dogo la kamati lilitaka kumtangaza usiku uleule. Nikawaomba wasubiri. Tulikuwa tumethibitisha kwamba picha ni ya kutengeneza. Hatukuwa tumethibitisha kwamba mtu hakufika.

Hayo ni mambo mawili. Baridi ya usiku wa kileleni huua betri za simu. Nimeona wageni waliofika Uhuru wakalia kwa sababu simu ilizimika mkononi. Mtu kama huyo akirudi na kutengeneza picha ya mahali alipofika kweli, amefanya upumbavu, lakini amefika. Na kinyume chake kipo: mtu anaweza kuwa na picha halisi ya mahali pengine na akadai ni kileleni. Frederick Cook alidai kupanda mlima McKinley, unaojulikana pia kama Denali, Alaska, mwaka 1906, akatoa picha ya mwenzake akiwa na bendera juu ya mwamba. Picha haikubandikwa kitu. Mwaka 1910 Belmore Browne na Herschel Parker walikwenda wakautafuta mwamba wenyewe, wakaukuta ni kilima kidogo kilomita kama 30 kutoka kileleni.

Kwa hiyo swali la pili linahitaji ushahidi usiotoka kwenye picha. Kilimanjaro ushahidi huo upo, na ni rahisi kuliko hesabu ya vivuli. Hakuna anayepanda bila mwongozaji. Kila mtu anaandikishwa langoni na kwenye vituo. Anayefika ana cheti chenye namba. Mweka hazina alimpigia mwongozaji, na mazungumzo hayakufika dakika tano. Mwongozaji kwanza hakutaka kusema ya mgeni wake, jambo ambalo namheshimu nalo. Alipoambiwa kuna picha ya Uhuru imesambazwa, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi nilimgeuza Pango la Hans Meyer. Alikuwa anayumba. Ningemwacha aendelee mngekuwa mnachangia msiba."

Kikao

Walimwita nyumbani kwa mzee mmoja wa kamati, watu wanne tu, bila simu. Uamuzi wa kumwita faraghani ulikuwa wa mzee, na sababu yake ilikuwa ya busara: mtu akibanwa mbele ya umati hutetea uongo kwa sababu ya aibu hata pale ambapo angependa kuuacha.

Bwana M. alipita ngazi ambazo wanaokagua visa vya namna hii watazitambua. Kwanza picha ni halisi, labda simu imeiharibu. Alipoonyeshwa fimbo, akasema alii"boresha" kidogo. Alipoonyeshwa picha ya yule mgeni, akasema simu yake ilizimika kileleni, akaazima picha ili asiwaangushe wafadhili. Hiyo ilikuwa hoja yake nzuri kuliko zote, na bila jibu la mwongozaji ingesimama. Mzee akamuuliza, "Cheti kiko wapi, mwanangu?" Akainamisha kichwa. Akaeleza yote, hadi lile la kuomba cheti cha Gilman's, ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Maamuzi na matokeo

Kamati ilifanya maamuzi matatu. La kwanza, wachangiaji waambiwe kabla ya mtu mwingine yeyote, na waambiwe na Bwana M. mwenyewe kwa maandishi. La pili, kila anayetaka fedha yake arudishiwe bila kuulizwa swali. La tatu, mfadhili apewe taarifa ana kwa ana, kwa kuwa bango lilikuwa karibu kuchapwa.

Barua ilikuwa fupi. Ilisema aliishia wapi, kwa nini aligeuzwa, na kwamba picha aliitengeneza. Waliorudishiwa fedha walikuwa wachache sana. Wengi waliandika kwamba waliahidi kwa ajili ya watoto, wala si kwa ajili ya mlima. Mfadhili alijitoa. Sehemu yake ilikuwa nusu ya bajeti, na madawati yaliyopatikana yakawa nusu ya yaliyokusudiwa. Bwana M. aliachia nafasi yake kwenye kamati.

Kuna madhara mengine ambayo barua haikuyataja. Katika siku zile za kusubiri, wanakamati wawili walivujisha picha, na maneno yakafika Marangu kwamba "wagumu wanauza picha za kughushi". Yule kijana aliyebonyeza kitufe Horombo, ambaye hakujua lolote, alikaa msimu mzima akiitwa mara chache kuliko wenzake. Mwongozaji alijitahidi kumsafisha. Kamati haikumwandikia mtu yeyote huko kueleza, na mpaka naandika haijaandika.

Uchambuzi

Nikianza na kilichokwenda vizuri, kiko juu ya vyote: uamuzi wa saa tisa usiku pangoni. Mwongozaji alikuwa na mgeni anayelia, anayeahidi fedha, aliyebeba bendera ya watoto. Alikuwa na kipimo rahisi, akakifuata, akageuka. Getini alishawishiwa tena, akakataa tena. Ni kwa sababu yake kisa hiki kimeishia kwenye aibu na upungufu wa madawati tu, badala ya msiba.

Kosa la mwanzo silioni Moshi kwenye ile programu ya simu. Naliona kwenye barua ya mfadhili. Sharti la picha kileleni liliweka nusu ya fedha za shule juu ya jambo ambalo hakuna anayeweza kuliahidi, hata mwenye mapafu ya mgumu. Mlimani, anayegeuka kwa wakati amefanya jambo sahihi. Kwenye barua ile, anayegeuka amewanyima watoto madawati. Mtu akiwekwa kati ya mambo hayo mawili, ama atalazimisha kupanda akiwa anayumba, ama atashuka na kudanganya. Simtetei Bwana M.; alikuwa na mchana mzima Horombo wa kuandika sentensi moja. Ila kamati iliyopigia makofi sharti lile haina haki ya kushangaa sana.

Kukata ile siku ya Horombo kulizidisha hatari. Mtu anaweza kushindwa hata kwa siku 6 au 7, lakini yeye aliweka sharti gumu kwenye ratiba nyembamba.

Upande wa uchunguzi, kamati iligombana juu ya picha kwa karibu wiki nzima, wengine wakiigeuza simu juu chini wakisema wanaona "pikseli". Simu moja kwa mwongozaji ilikuwa ndiyo jibu. Ushahidi wa picha ulikuwa na kazi yake, ulimfanya mweka hazina awe na sababu ya kuuliza, na ulimfungia Bwana M. milango kikaoni. Lakini hukumu ilitoka kwenye kumbukumbu za safari. Mwaka 2016 mume na mke, wote polisi kutoka India, walidai kufika kilele cha Everest na wakapewa vyeti na Nepal. Walioumbua walikuwa wapandaji wenzao, mmoja wao akitambua picha zake mwenyewe zikiwa na sura za watu wengine. Nepal ilifuta vyeti na kuwafungia miaka 10. Pale cheti chenyewe kilikuwa kimetolewa kwa kudanganywa, ndiyo maana picha ilibeba mzigo mkubwa. Kwa Bwana M. mwongozaji alikataa langoni, kwa hiyo cheti hakikuwepo, na kutokuwepo kwake kulitosha kuuliza tangu wiki ya kwanza.

Faragha ya kikao ilifaa kwa Bwana M. na ikamuumiza mgumu. Waliomwita wanne walitunza siri, wengine hawakutunza, na muda kati ya kugundua na kutangaza ulijazwa na uvumi. Ningependa barua ya wachangiaji itoke ndani ya siku mbili baada ya kikao. Ilitoka baada ya karibu wiki mbili kwa sababu kamati ilibishana juu ya lugha yake.

Harambee iliyofuata, fomu ya ahadi ilibadilishwa. Anayechangia anachagua: kiasi kimoja bila kujali mpandaji amefika wapi, au kiasi kwa kituo kilichofikiwa, yaani Horombo, Kibo, ukingo wa kasoko, Uhuru. Mpandaji anawasilisha namba ya cheti kama anacho, na anaruhusu kamati kumpigia mwongozaji wake. Hakuna anayetakiwa kuleta picha. Mweka hazina anaona hilo la kumpigia mwongozaji linamdhalilisha mpandaji mkweli, na bado wanabishana. Mfadhili, kwa upande wake, ameombwa arudi kwa masharti mapya; alichojibu hadi sasa ni kwamba anataka kwanza kumwona huyo mwongozaji aliyemgeuza mtu pangoni.